Mwili wa dada unaijuaje damu ya shemeji?

"Mke wangu ni O, mimi ni A. Hajawahi kuongezewa damu hata siku moja, sasa mwili wake uikatae damu yangu kwa lipi wakati haujawahi hata kuiona?"

Aliniuliza hivyo jamaa mmoja wa Ukerewe, alikuwa amevuka na mke wake kuja Mwanza, damu ya dada ilikuwa imeshuka mpaka 5 na yeye ameshakunja mkono wa shati anataka atolewe.

Nikamwambia kaka, hajawahi kuiona damu yako ila kitu kinachofanana nayo alishakutana nacho kabla hata hajaanza kutembea. Iko hivi, chembe nyekundu kwa nje zimeotwa na vinyororo vya sukari, na watu karibu wote tuna kinyororo kilekile cha msingi. Wewe wa A umeongezewa sukari moja pale mwishoni, mtu wa B kaongezewa sukari nyingine, wa AB anazo zote mbili, wa O hajaongezewa kitu. Hiyo sukari ya mwishoni ndo tunaiita antijeni, basi, tofauti yenu ni ndogo hivyo.

Sasa sukari za aina hiyo haziko kwa watu tu, bakteria kibao wanaoishi tumboni wanazo pia. Mtoto akizaliwa, bakteria wanaingia tumboni na mwili unaanza kutengeneza kingamwili dhidi ya kila sukari ambayo sio ya kwake, na kuanzia miezi 3 hadi 6 unaweza kuzipima. Mtoto wa A anaiacha A kwa sababu ni ya nyumbani, anatengeneza za kupinga B. Wa O hana yoyote kwa hiyo anazipinga zote mbili. Mwaka 1959 Springer na wenzake walilea vifaranga mahali pasipo na vijidudu kabisa, na wale hawakutengeneza kingamwili za kupinga B kama wanavyofanya vifaranga wa kawaida. Mimi hilo jaribio nalipenda sana.

Kwa hiyo dada tayari ana jeshi linalomsubiri mtu wa A. Na hizi kingamwili nyingi ni zile kubwa zenye mikono 10, zinashika chembe nyingi kwa pamoja halafu zinaita protini nyingine za damu zije kuzitoboa, chembe zinapasuka humohumo kwenye mshipa. Ndo maana nesi anakaa na mgonjwa dakika 15 za mwanzo, akisikia mgonjwa anatetemeka, homa imepanda, mgongo unauma, anasema ana hofu tu hajui ya nini, anafunga mrija hapohapo kabla ya kumpigia simu mtu yeyote. Mkojo ukishakuwa kama kola ujue figo zishaanza kupokea uchafu wa zile chembe. Na mara nyingi kosa haliko maabara, liko kwenye jina lililoandikwa kwenye kichupa cha sampuli.

Akaniuliza, mbona nasikia O anampa kila mtu? Ndio, chembe za O hazina cha kushikwa, lakini maji yake ya damu yana kingamwili zote mbili, kwa hiyo ukimpa mtu maji tupu bila chembe mambo yanageuka, hapo wa AB ndo anampa kila mtu na wa O anampa O mwenzake tu.

Ile chanya na hasi ni habari nyingine. Hiyo ni D, ni protini sio sukari, na bakteria hawana, kwa hiyo mtu wa hasi hazaliwi na vita nayo wala haipati tumboni. Akipewa damu chanya mara ya kwanza kwa kawaida inapita kimya, ila mwili unaweza kujifunza polepole kwa wiki au miezi, na shida inakuja mara ya pili, au kwa mwanamke, mimba ikiwa ya mtoto chanya, maana kingamwili hizi ni ndogo na zinapita kwenye kondo. Dada yeye alikuwa O chanya, hapo hatukuwa na wasiwasi.

Hata kama mngekuwa grupu moja, damu ya mume sio chaguo zuri kwa mke anayetaka bado kuzaa, kwa sababu mwili wake unaweza kujifunza vitu vingine vya mume, na watoto wanaweza kuvirithi.

Tukachukua chupa ya O chanya kwenye friji, tukachanganya chembe zake na maji ya damu ya dada, tukasubiri, tukaangalia kama kuna mgando. Hakuna. Akawekewa. Jamaa akatoa yake vilevile, ikapimwa, ikaandikwa A, ikalala kwenye friji kumsubiri mtu wa A au AB asiyemjua.