Fedha Zilizozuiliwa Si Ada: Kusoma Ripoti ya Malipo ya Kadi

Tuchukue nyumba ya wageni ya Shela, Lamu, inayopokea malipo ya kadi mtandaoni. Wiki hii imeuza vyumba vya shilingi 200,000, lakini benki zimeingia 165,000. Mwenye nyumba akiona hivyo husema amekatwa elfu thelathini na tano. Hakukatwa kiasi hicho, na ripoti yenyewe inaonyesha.

Mstari wa juu, `Gross`, ni yote waliyolipa wageni kabla ya kuondolewa chochote: 200,000. Unafuata `Refunds`, 20,000, za mgeni aliyeghairi safari akarudishiwa pesa zake. Kisha `Fees`, ada ya kampuni ya malipo. Mkataba wake unasema asilimia 3.5, na ripoti inaonyesha 7,000. Angalia vizuri: ada imepigwa juu ya 200,000, si juu ya 180,000 zilizobaki. Kampuni nyingi hazirudishi ada ya malipo yaliyorejeshwa, kwa hiyo mgeni yule asiyefika amemwachia mwenye nyumba gharama ya shilingi 700.

Mstari unaowachanganya wengi ni `Reserve hold`, 20,000. Mkataba unaruhusu asilimia 10 ya mauzo ishikiliwe kwa siku 90. Nyumba za wageni hulipwa kabla mgeni hajalala. Akija kuyapinga malipo kwenye benki yake, kampuni inataka pawe na fedha za kumlipa. Fedha hizo bado ni za mwenye nyumba. Ndiyo maana wiki hiyo hiyo kuna `Reserve release` ya 12,000, zilizozuiliwa miezi mitatu nyuma na sasa zimeachiliwa.

Hesabu inakuwa hivi:

```
200,000 - 20,000 - 7,000 - 20,000 + 12,000 = 165,000
```

Hiyo ndiyo `Net payout`. Gharama halisi ya kupokea kadi ni 7,000 tu.

Kosa kubwa ni kuandika 165,000 daftarini kama mauzo. Mauzo ya wiki ni 180,000 baada ya marejesho. Ada iandikwe kwenye gharama, na zile 20,000 ziandikwe kama deni unaloidai kampuni. Zile 12,000 zinapunguza deni la namna hiyo lililoandikwa miezi mitatu nyuma; ukiziita mauzo, utakuwa umezihesabu mara mbili.

Kwa kila fedha inayozuiliwa, andika tarehe yake ya kuachiliwa. Siku hiyo ikipita bila mstari wa `Reserve release`, tafuta kwanza kama kuna `Chargeback`, yaani malipo yaliyopingwa, iliyoimeza. Usipoiona, waandikie kampuni ukitaja namba ya ripoti ya siku fedha zilipozuiliwa. Mwenye kuweka jumla ya benki peke yake hana cha kuwaonyesha.