Muhuri wa “Imepokelewa” haujakupa likizo

“Barua yangu ya likizo imegongwa muhuri masjala, si naweza kuondoka?”

Hapana, usiondoke bado. Muhuri wa “Imepokelewa” unathibitisha kwamba barua ilifika, na tarehe iliyofika, basi. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini mwajiri ndiye anayepanga zichukuliwe lini.

Chukulia mfanyakazi wa kiwanda cha chai Mufindi anayetaka kwenda Tukuyu kuanzia tarehe 10. Apeleke nakala mbili, zote zigongwe muhuri, moja abaki nayo. Kisha asubiri jibu lenye jina, cheo, sahihi na tarehe za kuanza na kurudi. Meneja akisema “nenda tu” mdomoni, amwandikie siku hiyohiyo: “Naomba uthibitishe kuwa umeniruhusu tarehe 10 hadi 23.” Jibu la “sawa” chini ya ujumbe huo lina maana, kwa sababu tarehe zinaonekana, lakini “sawa” iliyo peke yake haisemi kitu. Apige picha ya skrini yenye namba na saa, aihifadhi nje ya simu ya kazini. Bila hayo, utoro wa zaidi ya siku tano za kazi unaweza kumfukuzisha.