Kwa nini mfupa wa pembeni ya mguu ukivunjika mwingine anatembea wiki hiyohiyo na mwingine anakaa miezi hajapona?

"Kaka naomba kuuliza. Nimekosea ngazi moja tu nikashuka vibaya, mguu ukapinda kwa ndani. Eksirei imeonyesha mfupa wa pembeni kule kwa kidole kidogo umevunjika. Daktari wa kwanza kaniambia nivae kiatu kigumu nitembee taratibu, wa pili kaona picha ileile kasema hogo wiki sita na nisikanyage kabisa. Jirani yangu naye alivunjika hapohapo mwaka jana mpaka leo analalamika. Sasa nimsikilize nani?"

Dada pole sana. Mimi ni fizio, na swali lako linategemea kitu kimoja ambacho sijakiona, yani ufa wenyewe umekaa wapi kwenye huo mfupa. Hapa tofauti ya kama sentimita moja tu inabadilisha kila kitu, na ndo maana wewe na jirani mnaweza mkawa mmevunjika "hapohapo" kumbe si hapohapo.

Shika mguu wako mzima ule mwingine, pitisha kidole pembeni kwa nje kuanzia kidole kidogo ukirudi nyuma kuelekea kisigino. Ukifika karibu katikati ya safari utakuta kinundu cha mfupa kimejitokeza, ndo kile ambacho viatu vya kubana hukisugua. Hicho kinundu ndio shina la mfupa wa tano wa unyayo, na kina kano imejishikiza pale inayotoka kwenye misuli ya pembeni ya mguu chini ya goti. Sasa mguu ukipinda kwa ndani ghafla kama ulivyofanya wewe, ile kano pamoja na utepe mgumu wa unyayo vinavuta kinundu kwa nguvu mpaka kinang'oka kipande. Huu ndio uvunjikaji wa kawaida kuliko wote kwenye huu mfupa, na kusema kweli ndio mpole. Kinundu kimejaa mfupa laini wenye vitobo kama sponji, damu inaingia pale kupitia vimishipa vingi vidogo, kwa hiyo kinaunga vizuri hata ukitembea. Kiatu chenye soli ngumu au buti la kitabibu, magongo siku za mwanzo kama maumivu ni makali, kisha unakanyaga kadiri unavyoweza kuvumilia. Wengi wiki ya sita mpaka ya nane wanakuwa na nafuu kubwa, ingawa uvimbe wa jioni unaweza kuendelea kidogo. Na usishtuke eksirei ikionyesha kaufa bado kapo wakati wewe huumwi tena, kwenye kinundu hilo hutokea na mara nyingi halina shida.

Sogea mbele kidogo tu kutoka kwenye kinundu, pale ambapo mfupa wa tano unagusana ubavu na mfupa wa nne. Ufa ukipita hapo kwa kukatiza, unaitwa ufa wa Jones. Jina limetoka kwa Robert Jones, daktari wa mifupa wa Liverpool, ambaye mwaka 1902 aliandika kuhusu kuvunjika huku na mgonjwa wake mmojawapo alikuwa yeye mwenyewe, aliumia akicheza dansi. Hakuangukiwa na kitu wala kugongwa, kisigino kilikuwa juu na uzito wote ukaangukia pembeni ya mguu, basi. Mpaka leo watu wanakuja kwangu wanasema "lakini sikuanguka kwa nguvu", na mi nawaambia hauhitaji nguvu.

Sasa kwa nini hapo panagoma kuunga? Fikiria laini ya maji ya mtaani. Kinundu kina bomba zake kutoka nyuma. Mwili wa mfupa nao una mshipa wake mkuu unaoingia karibu katikati, ukishaingia ndani tawi moja linarudi nyuma kuelekea kwenye shina. Pale pa Jones ndipo nyumba ya mwisho ya laini zote mbili, maji yanafika kwa matone hata siku nzuri, na ufa ukikatiza ndio unakata lile tawi lililokuwa linarudi nyuma. Mfupa bila damu ya kutosha hauna cha kujengea. Juu ya hapo mfupa wa eneo hilo ni mgumu umebana, si ule wa sponji, na kila ukikanyaga shina limefungwa imara na mishipi kwa majirani zake huku sehemu ya mbele ikipanda na kushuka, kwa hiyo ufa unafunguka na kufunga kama bawaba ya mlango. Damu kidogo halafu mtikisiko kila hatua, hapo unategemea nini.

Ndo maana daktari wako wa pili kasema usikanyage. Kama ufa wako ni wa Jones, njia ya kawaida bila upasuaji ni hogo au buti huku ukitembelea magongo bila kuweka uzito, wiki 6 mpaka 8, kisha picha nyingine. Hata ukifuata yote hayo tafiti nyingi zimekuta kati ya watu 15 na 30 kwa kila 100 mfupa haujaunga au umechelewa mno. Niwe mkweli pia kwamba madaktari wenyewe hawajakubaliana kila kitu, wapo siku hizi wanaoruhusu mgonjwa wa Jones kukanyaga mapema ndani ya buti na wanapata matokeo mazuri, kwa hiyo ukikutana na huyo usimwone hajui kazi. Ila lazima akufuatilie kwa picha.

Kuna na ufa wa tatu, mbele zaidi ya Jones, huo hauji kwa siku moja. Mtu anakwambia "nilikuwa naumwa pembeni ya mguu kama mwezi hivi nikicheza mpira, halafu juzi pakalia ka". Ni mfupa uliochoka kwa kupigwapigwa, wanaupata sana wakimbiaji, askari wa mafunzo, wachezaji, na hasa wenye unyayo ulioinama kwa nje ambao kiatu chao kinalika upande wa nje kwanza. Huu ndio mkaidi kuliko wote kuunga, na mara nyingi madaktari wanawahi kwenye upasuaji.

Upasuaji wenyewe unaonekana mdogo. Wanatoboa ngozi nyuma ya kinundu, wanaingiza skrubu moja ndefu katikati ya uwazi wa mfupa kama mshikaki, ufa unabanwa usicheze tena. Kwa mtu anayeishi kwa miguu yake huo ndio mchezo, maana mfupa huwa unaunga haraka zaidi. Lakini skrubu haileti damu, inazuia mtikisiko tu, na mfano mzuri wa hilo ni Kevin Durant wa kikapu kule Marekani.

Oktoba 2014 Durant, wakati huo yuko Oklahoma City na ndo kwanza ametoka kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi, wakamkuta na ufa wa Jones mguu wa kulia. Katikati ya mwezi wakamwekea skrubu. Desemba 2 yuko uwanjani, hesabu mwenyewe, kama wiki saba. Kila mtu akaona mambo yameisha. Februari 2015 maumivu, kumbe kichwa cha skrubu kinasugua mfupa wa jirani nyuma yake, wakamfungua tena kurekebisha. Maumivu hayakwisha, na mwisho wa Machi ikabidi upasuaji wa tatu, safari hii wakapandikiza mfupa kwenye ufa kwa sababu ulikuwa haujaunga sawasawa. Msimu mzima wa mechi 82 alicheza 27 tu. Msimu uliofuata akarudi na akacheza vizuri, ila angalia mtu mwenye madaktari wote wale na vipimo vyote vile, bado mfupa mmoja mwembamba ulimsumbua miezi sita.

Neymar naye aliumia mfupa huohuo wa tano Februari 2018, Machi mwanzoni akapasuliwa, Januari 2019 ukaumia tena na mara hiyo wakamtibu bila kisu, akakaa nje mpaka Aprili.

Turudi kwako. Cha kwanza omba daktari akuonyeshe kwenye picha mstari wa ufa umeishia wapi, kwenye kiungo cha nyuma kabisa (ni kinundu) au kwenye lile eneo la kugusana na mfupa wa nne (ni Jones). Nadhani hao madaktari wawili ukiwakutanisha mbele ya picha moja wataelewana haraka ufa umekaa wapi. Na kama aliyeumia ana umri kama wa miaka 10 mpaka 14, mfano mtoto wako, eksirei inaweza ikaonyesha mstari unaokwenda kwa urefu wa mfupa pale kwenye kinundu na mtu akasema umevunjika, kumbe ni sehemu ya kukua ya kawaida, ufa halisi huwa unakatiza kwa upana.

Kama ufa wa jirani yako ulikuwa wa Jones, basi anaweza kuwa kwenye lile kundi lisilounga. Dalili zake si za siri, miezi mitatu imepita bado akibonyeza pale panauma kama siku ya kwanza na akitembea kidogo panavimba, na kwenye picha ufa umezidi kuwa mpana huku kingo zake zimekuwa nyeupe ngumu na ule uwazi wa katikati ya mfupa umeziba. Mwili ukishaziba hivyo unakuwa umekata tamaa, hogo jipya la wiki sita mara nyingi halitamsaidia, hapo ni skrubu na pengine kipande cha mfupa kinachochukuliwa nyongani. Aende akapigwe picha, asiendelee kuchuliwa na mafuta, kuchua sehemu ya ufa kunautikisa tu.

Sigara inabana vile vimishipa ambavyo tayari ni vichache, kama unavuta hii miezi mitatu iache kabisa. Mwenye kisukari awe makini zaidi maana anaweza akawa amekufa ganzi mguuni akatembea na ufa bila kusikia maumivu, akajua siku mguu umebadilika umbo. Na ukiwa ndani ya hogo, vidole vikipoa au kubadilika rangi, au misuli ya nyuma ya mguu ikavimba na kuuma, hiyo si ya kusubiri kliniki ya Jumatatu, nenda siku hiyohiyo.

Kama ufa wako ni wa Jones, tarehe ya kurudi hospitali ni wiki ya sita, ukaombe picha mpya kabla hujaweka uzito, maana hogo likitolewa mguu unajisikia mwepesi na mtu anaanza kutembea kabla ufa haujaamua.