Kwa nini SSD hutaka partisheni ianzie mahali maalumu, na TRIM ni ya nini?

*"Nimeweka SSD mpya na kusakinisha mfumo. Naambiwa nihakikishe partisheni imekaa sawa na TRIM inafanya kazi. Kwa nini, na je, kisakinishi hakikuyamaliza hayo?"*

Kwa kawaida kimeyamaliza. Sababu zenyewe zinatokana na jinsi chipu za SSD zinavyoandikwa. Data huandikwa kwa kurasa, na kurasa nyingi, mara nyingi mamia, hufanya bloku moja. Ukurasa uliokwisha andikwa hauwezi kuandikwa juu yake, ni lazima ufutwe kwanza, na kinachoweza kufutwa ni bloku nzima tu. Kwa hiyo kidhibiti cha diski huandika toleo jipya kwenye ukurasa ulio wazi, kisha hukumbuka kwamba ule wa zamani umekufa.

Tuanze na partisheni. Zamani partisheni ya kwanza ilianzia sekta namba 63, desturi iliyobaki kutoka hesabu za diski za kuzunguka. Sekta ina baiti 512, na mfumo wa faili huandika kwa vipande vya kilobaiti 4, yaani sekta 8. Kipande cha kwanza kwenye partisheni hiyo kitashika sekta 63 hadi 70. Sasa tuseme kidhibiti nacho kinahesabu kwa makundi ya sekta 8 kuanzia sifuri: kundi moja ni 56 hadi 63, linalofuata ni 64 hadi 71. Kipande chetu kimekanyaga makundi mawili, kama mtu aliyeketi katikati ya viti viwili. Kukiandika, kidhibiti husoma makundi yote mawili, hubadilisha sehemu, kisha huyaandika yote upya. Na si kipande cha kwanza tu: kosa la mwanzo hurithiwa na kila kipande kinachofuata.

Ndiyo maana visakinishi vya leo huanzia sekta 2048. Zidisha kwa 512 upate mebibaiti 1 kamili, ambayo hugawanyika bila baki kwa 4, 8 au 16 za kilobaiti. Pengo lililoachwa mwanzoni ni dogo mno, usijaribu kulibana.

TRIM hutatua tatizo jingine kabisa. Unapofuta faili, mfumo wa faili huandika tu kwenye daftari lake kwamba nafasi ile iko huru. Diski haijui lolote. Chukua bloku yenye kurasa 256, ambamo 200 zilikuwa za video uliyoifuta. Kidhibiti kikitaka kuisafisha bloku hiyo, bila TRIM kitahamisha kurasa zote 256 mahali pengine, zikiwemo 200 za takataka. Mfumo ukikipa taarifa hiyo kupitia TRIM, kitahamisha 56 tu. Tofauti hiyo huonekana zaidi diski inapokaribia kujaa: kuandika huwa kwa kusuasua, na chipu huchakaa kwa kazi isiyo na faida. (TRIM ikishapita, usitegemee programu ya kurudisha faili zilizofutwa.)

Windows, kuanzia toleo la 7, hutuma taarifa hizi yenyewe. Kwenye Ubuntu kuna kipima muda kinachoendesha `fstrim` mara moja kwa wiki, na binafsi naona hiyo yatosha. Kutuma TRIM papo hapo kila faili inapofutwa kunawezekana, ila kwa kompyuta ya kawaida sioni haja.

Kwenye Linux, amri tatu zitakuonyesha hali ilivyo:

```
sudo fdisk -l
systemctl status fstrim.timer
lsblk -o NAME,TYPE,DISC-MAX
```

Katika ya kwanza, tazama safu ya `Start`. Namba ikigawanyika kwa 8 bila baki, na sekta ni za baiti 512, uko salama. Ukiona 63, mara nyingi diski imenakiliwa nzima nzima kutoka mashine ya zamani. Hapo kisakinishi hakikuhusika, kwa hiyo hakuna aliyerekebisha. Dawa ni kuhifadhi data kwingine, kuunda partisheni upya na kuirudisha. Kuisogeza kwa GParted kunawezekana pia, lakini huchukua muda mrefu, na umeme ukikatika katikati utajuta.

Katika ya tatu, `DISC-MAX` ikiwa `0B`, TRIM haipiti hapo. Kama diski imeunganishwa kwa USB, shuku kwanza kiunganishi, kwani vingine haviipitishi. Kama diski yenyewe ina namba ya kueleweka lakini mstari wa `crypt` chini yake una sifuri, basi usimbaji ndio unaoizuia. LUKS, mfumo wa kusimba diski kwenye Linux, hufanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa TRIM humfichulia mwizi wa diski ni sehemu zipi tupu. Ukikubali hilo, ongeza neno `discard` kwenye `/etc/crypttab`, tengeneza initramfs upya, kisha washa mashine tena na uangalie mstari uleule.