Paulo kumvaa Petro Antiokia: ugomvi ulikuwa wa meza

Nafundisha Agano Jipya chuoni, na swali ninaloulizwa sana kuhusu Paulo ni hili, kwani yeye na Petro waligombana kweli? Ndiyo, tena mbele za watu, Paulo mwenyewe kaandika kwenye Wagalatia 2. Na ishu ilikuwa chakula, yaani nani anakula na nani.

Wafuasi wa kwanza wa Yesu walikuwa Wayahudi, hekaluni wanaenda, Sabato wanashika, watoto wa kiume wanatahiriwa siku ya 8, wala hakuna aliyejiona kahama dini. Mambo yakabadilika Antiokia, mji mkubwa wa Shamu wakati huo (leo uko Uturuki), Wagiriki walipoanza kuamini kwa wingi. Hapo baadhi ya ndugu kutoka Yudea wakasema hawa lazima watahiriwe, la sivyo hawaokoki. Tusiwafanye wabaya jamani, Mwanzo 17 inasema wazi kwamba mwanaume asiyetahiriwa atakatiliwa mbali na watu wake, wao walikuwa wanasoma maandiko yao kama yalivyo.

Tena hata Wayahudi wasiomjua Yesu walikuwa wanabishana hivyohivyo. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anasimulia habari za Izate mfalme wa Adiabene, huyu aliipenda dini ya Kiyahudi, mfanyabiashara mmoja Myahudi aitwaye Anania akamwambia unaweza kumwabudu Mungu bila tohara maana raia wako wakijua watakugeuka. Baadaye akatokea Eleazari kutoka Galilaya, akamkuta mfalme anasoma torati, akamkemea kwamba kusoma tu bila kutenda haitoshi, basi Izate akamwita tabibu amtahiri bila kukawia.

Sasa Paulo alijibuje? Aliingia humohumo kwenye kitabu cha Mwanzo. Kwenye Warumi 4 anauliza, Ibrahimu alihesabiwa haki lini, kabla ya tohara au baada? Imani yake iko sura ya 15, tohara inakuja sura ya 17, kwa hiyo alikubaliwa akiwa bado hajatahiriwa, na kwa msingi huo Mgiriki anaweza kuwa mtoto wa Ibrahimu bila kuguswa na kisu. Ukitaka kumpinga inabidi umpinge kwa mpangilio wa sura zilezile, na si rahisi.

Mnamo mwaka 49 hivi viongozi wakakutana Yerusalemu kuhusu suala hilo la tohara. Paulo alienda na Barnaba, akamchukua na Tito, Mgiriki asiyetahiriwa, nadhani makusudi kabisa ili wasijadili nadharia huku mtu mwenyewe amekaa mbele yao. Tito hakulazimishwa. Yakobo ndugu yake Yesu, Petro na Yohana wakawapa mkono wa shirika, Petro aende kwa Wayahudi, Paulo kwa Mataifa, na maskini wakumbukwe.

Ila kulikuwa na pengo kwenye makubaliano hayo. Walikubaliana Mgiriki asitahiriwe, sawa, lakini Myahudi anayeshika torati akikaa naye meza moja, nyama ikatoka wapi, divai je, huenda ilishamiminwa kwa sanamu? Petro alipofika Antiokia alikula nao bila shida, wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga kidogokidogo, wengine wakamfuata, mpaka Barnaba naye! Paulo akamwambia wewe Myahudi umekuwa ukiishi kama watu wa Mataifa, sasa unawalazimishaje Mataifa waishi kama Wayahudi? Maana ukimtenga mtu mezani, hujamwambia atahiriwe kwa mdomo, ila umemwonyesha asipotahiriwa atakula peke yake.

Petro alijibu nini? Paulo hasemi, na ukimya huo wasomi wengi wanauona ni dalili kwamba siku ile hakushinda, maana ushindi wa Tito aliutaja bila kujivunga. Muda si mrefu akaendelea na safari bila Barnaba, ingawa Luka, mwandishi wa Matendo, anasema waligombania Yohana Marko.

Matendo 15 inataja masharti manne kwa Mataifa, wajiepushe na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, vilivyonyongwa na uasherati. Ona matatu ni ya chakula, ni kama yaliwekwa kuziba pengo lilelile la meza. Cha ajabu Paulo hayataji popote kwenye barua zake, Wakorintho anawaambia nyama ya sokoni kuleni tu msiulize, isipokuwa mtu akikwambia hii ni ya sadaka, hapo acha kwa ajili yake.

Wengine wanahitimisha kwamba basi Paulo aliwakataza Wayahudi torati yao. Hapana, Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, Matendo 16 inasema Paulo alimtahiri, na kwenye 1 Wakorintho 7 anasema aliyeitwa akiwa ametahiriwa asijifanye hajatahiriwa, na aliyeitwa bila tohara asitahiriwe, kila mtu abaki kama alivyoitwa.