Unene wa kioo hautoshi: tempa, laminedi na cha kawaida vinawekwa wapi

Watu wakienda kununua vioo wanauliza unene tu, "nipe cha milimita 10 ndo imara", alafu sisi tunaokagua majengo tunakuta hicho cha milimita 10 ni cha kawaida na kimefungwa kwenye reli ya balkoni ghorofa ya tatu. Jamani, unene unakuambia kioo kitahimili nguvu kiasi gani, haukuambii kikivunjika kitavunjikaje, na hapo ndo watu wanapoumia.

Cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande virefu vyenye ncha kali, vingine vinabaki vimening'inia kwenye fremu. Dirisha lililo juu ambalo mtu hawezi kulivaa halina shida nacho. Lakini mlangoni usikiweke, na kwenye dirisha linaloshuka chini karibu na sakafu pia usikiweke, viwango vya Uingereza vinataka kioo cha usalama pale kinapokuwa chini ya sentimita 80 kutoka sakafuni, na kwa mlango ni chini ya mita 1.5.

Tempa ni hicho hicho cha kawaida, ila kimepashwa moto kwenye tanuru kupita nyuzi 600 kisha kikapulizwa upepo wa baridi kwa ghafla, kwaiyo kinakuwa na nguvu kama mara nne na kikipasuka kinakuwa punje punje kama mahindi. Kwa mlango wa slaidi na bafuni ni sawa kabisa.

Sasa turudi pale balkoni maana wengi wakishaambiwa habari za tempa wanaibandika kila mahali. Tempa tupu ikipasuka inamwagika yote kwa mara moja, reli inakuwa haipo, na aliyeegemea anaenda nayo. Na haihitaji jiwe, ukingo ukigongwa kidogo tu inatosha, saa nyingine inapasuka yenyewe kwa sababu ya chembe za nikeli salfaidi zilizobaki ndani tangu kiwandani. Hapo weka laminedi, yaani vioo viwili vilivyogandishwa na karatasi ya plastiki katikati, vikipasuka vipande vinabaki vimeng'ang'ania pale pale. Vioo vyenyewe viwe vya tempa, na juu uweke bomba la kushikia, maana vyote viwili vikipasuka kwa pamoja vinalegea na kujikunja. Kanopi na paa la kioo ni laminedi pia, hutaki punje zikamwagikie watu kichwani.

Kuvitambua siyo kazi. Laminedi ya vioo viwili vya milimita 5 inaandikwa 10.76, hiyo 0.76 ndo plastiki, na ukiangalia ukingoni unauona mstari wake. Tempa ina muhuri mdogo kwenye kona. Alafu tempa haikatwi wala haitobolewi ikishatoka tanuruni, matundu ya bawaba na kitasa yanatobolewa kabla, kwaiyo vipimo vitolewe mapema. Ukimwona fundi yuko saiti anakata kwa almasi kile alichokuuzia kama tempa, na kinakatika vizuri, mrudishie, hicho ni cha kawaida.