Toronto haiko nyuma kwa saa nane mwaka mzima

Kila ukifika mwezi wa tatu, kuna mtu ataniambia kwa uhakika wote kwamba Toronto iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Kisha anaingia kikaoni wenzake wameshamaliza.

Nane ni sahihi wakati wa baridi huko. Wakishasogeza saa zao mbele inakuwa saba, na Nairobi haijagusa chochote: iko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya dunia ya kulinganishia, Januari hadi Desemba. Basi acha kukariri tofauti ya mji na mji. Tafuta kila mji uko wapi na UTC, kwa tarehe ya kikao chenyewe.

Hesabu ni fupi. Chukua saa ya mji wa kwanza, ondoa namba yake, umepata UTC. Jumlisha namba ya mji wa pili. Ikifika 24 au kuzidi, ondoa 24 na uende siku ya pili. Ikishuka chini ya sifuri, ongeza 24 na urudi jana. Hesabu zote zifanye kwa saa za 0 hadi 23, saa zetu za Kiswahili zije mwisho kabisa.

Tuseme kikao ni Toronto, tarehe 10 Machi 2026, 19:30. Saa zao zilisogezwa tarehe 8, kwa hiyo wako UTC-4. Kuondoa -4 ni kuongeza 4 (hapa ndipo wengi huanguka): 23:30 UTC. Ongeza 3 za Nairobi, 26:30, yaani 02:30 tarehe 11. Saa nane na nusu usiku, pole. Aliyekariri nane ataamka saa tisa na nusu.

London nayo mwaka huo husogeza saa tarehe 29 Machi, kwa hiyo kwa wiki tatu hata tofauti ya London na Toronto si ile ya kawaida. Ukipitia UTC hilo halikusumbui.

Kinachoniudhi zaidi ni herufi za kufupisha majina ya saa. Mtu anaandika "EST" mwezi wa saba! EST ni UTC-5. Mwezi wa saba Toronto inatumia EDT, UTC-4. Je, alimaanisha herufi au saa ya ukutani kwake? Huwezi kujua. CST ndiyo balaa: ya Chicago ni UTC-6, ya China ni UTC+8. Mwambie akutajie mji.

Na wale wanaosema "hifadhi kila kitu kwa UTC" nakubaliana nao nusu tu. Kwa jambo lililokwisha kutokea, sawa. Kwa la mbele sina uhakika huo, kwa sababu serikali hubadilisha. Juba ilikuwa UTC+3 kama sisi, tarehe 1 Februari 2021 ikahamia UTC+2. Aliyekuwa ameshahifadhi vikao vya Juba vya Machi kwa UTC, vyote vilikosea kwa saa nzima. Kikao cha mbele mimi huandika saa ya mwenyeji na jina la mji, UTC naitafuta siku zikikaribia.